Penseli, Kifutio na Kisanduku cha 8-1: Namna ya Kujikwamua kwenye Sudoku Ngumu

Sudoku rahisi humalizika kwa macho tu. Mtu anatazama mstari, anatazama safu, anaona namba iliyokosekana na kuijaza. Sudoku ngumu ina tabia nyingine: inakubali namba kumi au kumi na mbili bila taabu, kisha inafunga mlango. Visanduku arobaini na kitu vimebaki wazi, na popote unapotazama kuna namba mbili, tatu au nne zinazoweza kuingia. Hapo ndipo wachezaji wengi hukata tamaa, na wengine hujaza namba yoyote wakitumaini mema. Zipo nyenzo mbili za kupita hapo: alama za penseli, na kubahatisha kwa mpango, yaani kujaribu namba huku umeshajiandalia njia ya kurudi nyuma.

Njia nzuri ya kuzielewa ni kulifuata fumbo moja tangu mwanzo. Lililochaguliwa hapa lina namba 26 zilizotolewa, na limo katika mkusanyiko wa mafumbo 50 unaotumiwa kwenye swali namba 96 la Project Euler, tovuti ya maswali ya hesabu kwa watu wanaoandika programu za kompyuta. Nukta ni kisanduku kitupu.

```
. 4 3 | . 8 . | 2 5 .
6 . . | . . . | . . .
. . . | . . 1 | . 9 4
------+-------+------
9 . . | . . 4 | . 7 .
. . . | 6 . 8 | . . .
. 1 . | 2 . . | . . 3
------+-------+------
8 2 . | 5 . . | . . .
. . . | . . . | . . 5
. 3 4 | . 9 . | 7 1 .
```

Kanuni inajulikana: kila mstari wa kulala, kila safu ya kusimama na kila boksi la visanduku tisa lazima liwe na namba 1 hadi 9, kila moja mara moja. Mstari unahesabiwa kutoka juu, safu kutoka kushoto. Ili maelezo yasiwe marefu, kila kisanduku kitatajwa kwa namba mbili, mstari kwanza na safu baadaye. Kwa hiyo 9-1 ni kisanduku cha mstari wa tisa, safu ya kwanza, kile cha pembeni kabisa chini kushoto. Maboksi nayo yanahesabiwa kutoka kushoto kwenda kulia, kuanzia juu: boksi la kwanza liko juu kushoto, la tano katikati, la tisa chini kulia. Anayetaka kufaidi vizuri achukue karatasi, anakili fumbo, afuate.

Hicho cha 9-1 ndicho kinachofungua njia. Mstari wa tisa umekosa 2, 5, 6 na 8. Safu ya kwanza tayari ina 6 na 8, na boksi la saba lina 2. Inabaki 5 peke yake. Baada ya hapo 9-4 inabakiwa na 2, 6 au 8, lakini safu ya nne imeshabeba 2 na 6, kwa hiyo ni 8. Kwenye safu ya kwanza, namba 3 haina pa kukaa isipokuwa 5-1, maana kila kisanduku kingine kilicho wazi kwenye safu hiyo kimezibiwa na 3 iliyo kwenye mstari wake au boksi lake.

Mpaka hapo macho yanatosha. Hatua inayofuata ndiyo ya kwanza kudai penseli.

Alama ya penseli ni namba ndogo iliyoandikwa ndani ya kisanduku kitupu kuonyesha kinachoweza kuingia. Wachezaji wana desturi mbili za kuiandika. Ya kwanza ni ya kubana. Inaitwa mtindo wa Snyder, kwa jina la Thomas Snyder, Mmarekani aliyetwaa ubingwa wa dunia wa sudoku mwaka 2007, 2008 na 2011. Humo unaweka alama pale tu ambapo namba fulani, ndani ya boksi moja, imebakiwa na visanduku viwili. Karatasi inabaki safi na jicho linafanya kazi haraka. Ya pili ni ya kujaza kila kitu: kila kisanduku kitupu kinaandikwa namba zote zinazowezekana, hata ziwe sita. Inachosha mkono na inachukua dakika nyingi, lakini kuna mambo ambayo hayaonekani bila hiyo.

Kuanza na mtindo wa kubana na kuhamia ule wa kujaza pale tu fumbo linapogoma ndiyo busara. Anayejaza kila kisanduku tangu dakika ya kwanza hufuta nusu ya alama hizo muda mfupi baadaye, na kila kufuta ni nafasi ya kukosea.

Turudi kwenye safu ya kwanza. Imebakiza visanduku vinne, na namba zilizokosekana ni 1, 2, 4 na 7. Andika alama: 1-1 inaweza kuwa 1 au 7, 3-1 ni 2 au 7, 6-1 ni 4 au 7, 8-1 ni 1 au 7. Hakuna kisanduku chenye namba moja tu. Lakini tazama 1-1 na 8-1: vyote viwili vina 1 na 7, na hakuna kingine. Hata bila kujua ipi iko wapi, ni hakika kwamba namba hizo mbili zitachukuliwa na visanduku hivyo viwili, basi vingine kwenye safu hiyo havina haki nazo. Inafutwa 7 kutoka 3-1 na inabaki 2; inafutwa 7 kutoka 6-1 na inabaki 4. Huo unaitwa uchi wa jozi kwa baadhi ya wachezaji. Hapa itatosha kusema jozi. Bila alama, jicho lisingeiona, kwa sababu mkataa haukutoka kwenye namba iliyojulikana. Ulitoka kwenye namba mbili ambazo bado hazijulikani.

Baadaye mambo yanaenda mbio kwa muda. Boksi la katikati linahitaji 9, na ni 6-6 tu inayoweza kuipokea. Safu ya sita inahitaji 5, na kila mstari mwingine unaohusika una 5 tayari, hivyo inaingia 2-6. Mstari wa pili unapata 2 kwenye 2-5, kisha 4 kwenye 2-4. Boksi la pili linapata 9 kwenye 1-4. Namba kumi zimeshaingia.

Halafu kimya. Hakuna kisanduku chenye alama moja, na hakuna namba iliyobakiwa na nafasi moja katika mstari, safu au boksi lolote. Wengi wakifika hapa hudhani wakati wa kubahatisha umefika. Bado. Kwanza sasa ndipo alama zote zinapaswa kuandikwa, kisanduku kwa kisanduku, na kusomwa kwa maswali mawili. La kwanza: je, kuna jozi, au visanduku vitatu vinavyogawana namba tatu zilezile? La pili: je, kuna namba ambayo kwenye safu au mstari fulani imebanwa ndani ya boksi moja?

Swali la pili linajibiwa na safu ya sita. Namba 3 kwenye safu hiyo inaweza kukaa 7-6 au 8-6 tu, kwa kuwa mstari wa kwanza na wa tisa zina 3 tayari. Vyote viwili viko ndani ya boksi la nane. Kwa hiyo 3 ya boksi hilo lazima iwe kwenye safu ya sita, na visanduku vingine vya boksi hilo vinaipoteza. Kisanduku cha 8-4 kilikuwa na 1, 3 na 7. Sasa kina 1 na 7.

Na hapo swali la kwanza linaamka. Mstari wa nane sasa una 8-1 yenye 1 na 7, na 8-4 yenye 1 na 7. Ni jozi. Futa 1 na 7 kwingineko kwenye mstari huo: 8-2 na 8-3 zinabaki na 6 na 9 kila moja, ambayo ni jozi ya pili. Jozi hiyo ya pili inafuta 6 kutoka 8-5, na 8-5 inakuwa 4. Pia, kwa kuwa 6 na 9 za boksi la saba zimeshapata wenyewe, 7-3 inabaki na 1 na 7.

Namba moja tu imeongezeka, lakini alama nyingi zimefutwa, na kufuta huko kutalipa hivi punde. Hali ya fumbo sasa ni hii:

```
. 4 3 | 9 8 . | 2 5 .
6 . . | 4 2 5 | . . .
2 . . | . . 1 | . 9 4
------+-------+------
9 . . | . . 4 | . 7 .
3 . . | 6 . 8 | . . .
4 1 . | 2 . 9 | . . 3
------+-------+------
8 2 . | 5 . . | . . .
. . . | . 4 . | . . 5
5 3 4 | 8 9 . | 7 1 .
```

Visanduku 37 vimejaa, 44 vitupu. Ukizungusha tena maswali yote mawili, kuanzia mstari wa kwanza hadi boksi la tisa, hupati kitu kipya isipokuwa 3 inayofutika kutoka 3-7, kwa sababu 3 ya mstari wa pili imebanwa ndani ya boksi la tatu. Baada ya hapo alama haziondoki tena.

Hapa ndipo penye uamuzi. Mabingwa wana mbinu za juu zaidi za kuendelea kudokoa, zenye mifumo inayokatiza mistari na safu kadhaa kwa mpigo. Anayezifahamu na kuzifurahia aendelee nazo. Kwa msomaji wa kawaida mwenye penseli na gazeti, kipimo kinachofaa ni hiki: ukizunguka gridi nzima mara moja kwa utulivu, ukauliza maswali uliyonayo katika kila mstari, safu na boksi, na hakuna hata alama moja iliyofutika, basi kuzunguka mara ya pili ni kupoteza muda. Zingatia kwamba kipimo ni alama kufutika, wala si namba kujazwa. Mzunguko uliofuta alama tatu bila kujaza namba bado ni mzunguko wenye faida, kama mstari wa nane ulivyoonyesha.

Kabla ya kubahatisha kuna kazi moja ambayo watu huiruka, nayo ndiyo inayowaponza: kukagua alama zenyewe. Chukua kila namba iliyojazwa, pitia mstari, safu na boksi lake, hakikisha hakuna kisanduku kinachoendelea kuidai. Alama iliyosahaulika kufutwa inaficha jozi. Alama iliyofutwa kimakosa ni mbaya zaidi, kwa sababu itakupa mgongano wa uongo baadaye nawe utadhani dhana yako ndiyo iliyoshindwa.

Sasa, ubahatishe wapi? Jibu la haraka ni kwenye kisanduku chenye alama mbili, kwa sababu ukikosea kwenye namba moja umeshaijua nyingine. Kisanduku chenye alama tatu kinaweza kukulazimisha kujaribu mara mbili kabla ya kupata uhakika. Lakini visanduku vya alama mbili havilingani, na fumbo hili lina mfano mzuri wa tofauti hiyo.

Chukua 6-5, yenye 5 na 7. Tuseme ni 7. Inafuta 7 kutoka 6-3, 5-5, 3-5 na 7-5, na hapo inaishia. Hakuna kisanduku kinachobaki na alama moja, hakuna namba inayobaki na nafasi moja. Hujapata mgongano na hujapata jibu. Kumbe 7 ndiyo namba sahihi ya kisanduku hicho, lakini hilo halikusaidii, maana huna njia ya kulijua. Dhana isiyogonga ukuta haijathibitishwa. Inathibitika tu ikiwa gridi imejaa hadi mwisho bila kasoro, au ikiwa ile ya upande wa pili imekufa.

Linganisha na 8-1, yenye 1 na 7. Kwenye mstari wake kuna 8-4, nayo 1 na 7. Kwenye safu yake kuna 1-1, nayo 1 na 7. Kwenye boksi lake kuna 7-3, nayo 1 na 7. Namba yoyote utakayoiweka itaamua vingine vitatu papo hapo, na kila kimoja kati ya hivyo kinaingia kwenye mstari, safu au boksi lingine lenye alama mbilimbili. Kisanduku kinachofaa ni chenye majirani wengi wa alama mbili, hasa wanaogawana nacho namba zilezile.

Kabla ya kuandika, badilisha kalamu. Namba za hakika ziko kwa wino au penseli nzito. Za dhana ziwe kwa rangi nyingine, au kwa penseli hafifu na kila moja ikiwa na namba ya mfuatano pembeni. Alama zinazofutwa kwa sababu ya dhana zisifutwe kabisa, zikatwe kwa kistari chepesi. Kurudi nyuma ni kuifanya gridi iwe kama ilivyokuwa kabla ya dhana, na haiwezekani kuirudisha ikiwa hujui kipi kilikuja lini. Wengine hunakili gridi kwenye karatasi ya pili na kufanyia majaribio huko. Ni njia ya polepole, lakini ni salama kuliko zote.

Jaribu 1 kwenye 8-1.

Safu ya kwanza inalazimisha 1-1 kuwa 7. Boksi la saba linalazimisha 7-3 kuwa 7. Twende mstari wa kwanza: 1-6 ilikuwa na 6 na 7, na 7 imeshachukuliwa na 1-1, kwa hiyo ni 6. Shuka na safu ya sita: 9-6 ilikuwa na 2 na 6, sasa ni 2. Panda kisanduku kimoja: 8-6 ilikuwa na 2 na 3, sasa ni 3. Bado kisanduku kimoja kitupu kwenye safu hiyo, 7-6, kilichokuwa na 3, 6 na 7. Namba 3 imechukuliwa na 8-6. Namba 6 imechukuliwa na 1-6. Namba 7 iko kwenye mstari wa saba tayari, pale 7-3.

Kisanduku cha 7-6 hakina kitu. Huo ni mgongano, na ndiyo sura yake ya kawaida: kisanduku kisicho na namba hata moja. Sura nyingine mbili ni namba iliyokosa nafasi kwenye mstari, safu au boksi, na namba moja kujitokeza mara mbili mahali pamoja. Ukiona yoyote kati ya hizo, acha hapohapo. Usijaribu kurekebisha kwa kubadili namba moja ya katikati ya mlolongo, kwa sababu kila namba katika mlolongo huo ililazimishwa na iliyotangulia. Chenye kosa ni chanzo, na chanzo ni 1 iliyowekwa 8-1.

Futa namba zote za rangi ya dhana, rudisha alama zilizokatwa, na kwenye 8-1 andika 7. Safari hii iandike kwa wino, kwa kuwa imethibitishwa: kisanduku kilikuwa na njia mbili, na moja imekufa.

Sasa fumbo linafunguka. Visanduku vya 1-1, 7-3 na 8-4 vyote vinakuwa 1. Safu ya nne inalazimisha 4-4 kuwa 3 na 3-4 kuwa 7. Kwenye boksi la pili, 1-6 inakuwa 6 na 3-5 inakuwa 3. Mstari wa kwanza unamalizika kwa 7 pale 1-9. Safu ya sita inafuata: 9-6 ni 2, 8-6 ni 3, 7-6 ni 7. Kuanzia hapo hadi mwisho hakuna kisanduku kinachohitaji zaidi ya kutazamwa, na gridi inajaa hivi:

```
1 4 3 | 9 8 6 | 2 5 7
6 7 9 | 4 2 5 | 3 8 1
2 8 5 | 7 3 1 | 6 9 4
------+-------+------
9 6 2 | 3 5 4 | 1 7 8
3 5 7 | 6 1 8 | 9 4 2
4 1 8 | 2 7 9 | 5 6 3
------+-------+------
8 2 1 | 5 6 7 | 4 3 9
7 9 6 | 1 4 3 | 8 2 5
5 3 4 | 8 9 2 | 7 1 6
```

Kuna jambo moja kwenye majaribio hayo mawili linalostahili kutazamwa tena. Katika njia ya kwanza, iliyokufa, 1-6 ilipata 6. Katika njia ya pili, iliyo sahihi, 1-6 ilipata 6 vilevile. Hata 9-6 ilipata 2 kote kuwili, na 8-6 ikapata 3. Maana yake ni kwamba mchezaji angeweza kuandika 6 kwenye 1-6 kwa uhakika kamili bila kujua ipi kati ya njia mbili ni ya kweli. Ikiwa 8-1 ni 1, 1-6 ni 6. Ikiwa 8-1 ni 7, 1-6 bado ni 6. Na 8-1 haina chaguo la tatu. Ndiyo sababu inafaa kuzifuata njia zote mbili hatua chache kila moja, kwa rangi mbili tofauti, badala ya kuifukuza moja hadi mwisho. Mara nyingi njia mbili hukubaliana kwenye kisanduku fulani mapema kuliko moja yao inavyogonga ukuta.

Jambo hilo pia linapunguza makali ya ubishi wa zamani kuhusu uhalali wa kubahatisha. Nikoli, kampuni ya Kijapani iliyoanza kuchapisha mchezo huu mwaka 1984 na kuupa umaarufu, imejenga sifa yake juu ya mafumbo yanayotatuliwa kwa hoja, na wapenzi wengi wa sudoku huona kubahatisha ni kukiri kushindwa. Kwa upande mwingine, mwaka 2009 mwanasayansi wa kompyuta J. F. Crook alichapisha katika jarida la Chama cha Hisabati cha Marekani utaratibu wa kutatua sudoku kwa penseli na karatasi, na kubahatisha kumo ndani yake waziwazi: andika alama, tafuta visanduku vinavyogawana namba zilezile, na ukikwama chagua namba, ifuate, ukigonga mgongano urudi pale ulipochagua. Mwenye haki zaidi ni Crook. Kusema "tuseme ni 1, kisha tuone" na kuonyesha kwamba inaleta upuuzi ni uthibitisho kamili, wa aina ambayo wanafunzi wa hesabu hufundishwa shuleni. Kisichokuwa hoja ni kuweka 7 kwa bahati, fumbo likajaa, na mtu akaondoka bila kujua kama 1 ingefaa pia.

Kwa sudoku iliyotungwa vizuri wasiwasi huo una jibu, kwa sababu fumbo halali lina jibu moja tu. Likijaa bila kasoro, hakuna lingine. Lakini gridi yenye namba chache mno haiwezi kutoa hakikisho hilo. Mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake wa University College Dublin walionyesha, kwa kazi kubwa ya kompyuta, kwamba hakuna sudoku yenye namba 16 za mwanzo ambayo ina jibu moja pekee. Kiwango cha chini ni 17. Ukikutana na fumbo lenye namba 15 au 16, usijiulize umekosea wapi pale njia zote mbili zinapokubali.

Je, kama njia zote mbili zikikataa? Hilo hutokea, na ni taarifa muhimu. Kisanduku kilikuwa na 1 na 7, umejaribu 1 ukagonga ukuta, umejaribu 7 ukagonga ukuta. Kosa halipo kwenye dhana. Liko kabla yake: namba ya wino iliyowekwa vibaya, au alama iliyofutwa isivyopaswa. Hakuna dhana ya tatu itakayookoa gridi hiyo. Anza kwa kulinganisha namba zilizotolewa na gazeti na zile ulizonakili, maana kosa la kunakili ni la kawaida kuliko linavyodhaniwa, kisha pitia namba za wino kwa mpangilio ulivyoziandika.

Mafumbo mengine hayaridhiki na dhana moja. Arto Inkala, mwanahisabati wa Finland, alipata sifa kwa kutunga sudoku zilizotangazwa kuwa ngumu kuliko zote; ile ya mwaka 2012 ina namba 21 za mwanzo, na jozi na mibano ya kawaida haziifikishi mbali. Hapo unaweka dhana, unasonga hatua mbili au tatu, unakwama bila mgongano, na unalazimika kuweka dhana nyingine juu ya ile ya kwanza. Kila ngazi inahitaji rangi yake. Mgongano ukitokea kwenye ngazi ya pili, unaondoa ngazi ya pili tu na kugeukia namba ya pili ya kisanduku hicho. Ya kwanza inaanguka pale ambapo pande zote mbili za ngazi ya pili zimekufa. Kompyuta hufanya hivyo maelfu ya mara kwa sekunde bila kusahau ilikotoka. Mtu mwenye penseli huanza kupotea kwenye ngazi ya tatu, na akifika huko ni afadhali afute hadi ngazi ya kwanza, achague kisanduku kingine chenye majirani wengi wa alama mbili, na aanze dhana upya kutoka hapo.